Pacha Ndiye Anakuchomea Picha

Wasee, leo tubishane kidogo. Karibu kila video ya mafunzo ya kuhariri picha ambayo nimewahi kuona inakuambia kitu kimoja: ukitaka kufuta kitu, chota sehemu iliyo karibu nacho kabisa, paka juu, mambo yaishe. Mimi nasema huo ni ukweli nusu. Ile nusu iliyoachwa ndiyo inafanya picha zetu zijulikane zimeguswa hata kabla mtu hajazikuza.

Naongea kuhusu Clone Stamp. Kama hujawahi kuitumia, kazi yake ni rahisi: unashikilia Alt, unabonyeza mahali unapotaka kuchota, unaachilia, halafu unapaka mahali pengine. Kwenye GIMP unashikilia Ctrl badala ya Alt. Kwenye Photopea, ile ya bure inayofunguka kwa kivinjari hata kwa kompyuta ya saiba, ni Alt tu. Pale ulipobonyeza tupaite chanzo. Pale unapopaka ni kiraka.

Sasa sikia. Hiki kifaa hakiumbi kitu. Kinanakili. Ukifuta mtungi ukaweka nyasi, zile nyasi si mpya, ni nyasi za mahali pengine kwenye picha hiyohiyo, na bado ziko kule ulikozitoa. Kwa hivyo kila kiraka kina pacha wake anayeishi ndani ya picha. Kazi yako si kupaka vizuri. Kupaka ni mkono tu, mtu yeyote anaweza. Kazi ni kuchagua pacha ambaye hakuna mtu atamkuta.

Fundi wa nguo mzuri anajua hili. Suruali ikichanika gotini, hakati kitambaa cha paja ndio azibe goti. Anaenda kwa upindo, au ndani ya mfuko, anachukua kitambaa kilekile chenye rangi ileile kutoka mahali macho hayafiki. Sisi tunakata kwa paja halafu tunashangaa mbona watu wanaona.

Tuanze na kwa nini macho yanaona. Nyasi, mchanga, moshi, ukuta wa mawe, hivi vitu ni fujo. Jicho lako halihesabu majani ya nyasi, linaangalia mara moja, linasema "nyasi," linapita. Hiyo ndiyo bahati yetu. Lakini ndani ya ile fujo kuna alama: jani moja kavu, kifuniko cha soda, kipara kidogo cha udongo, ua jeupe. Alama moja haimsumbui mtu. Alama mbili zinazofanana kabisa, zimelala kwa mwelekeo uleule, hapo jicho linakwama. Asili haifanyi hivyo. Unaweza kutembea uwanja mzima na hutapata majani mawili makavu yaliyokunjika sawasawa.

Mfano maarufu zaidi duniani ni wa moshi. Tarehe 5 Agosti 2006, wakati wa vita vya Israeli na Hezbollah, mpiga picha Mlebanoni aitwaye Adnan Hajj, aliyekuwa anauzia Reuters picha, alipiga picha ya moshi ukipanda juu ya Beirut baada ya shambulio la ndege. Picha iliyosambazwa ilikuwa na moshi mwingi na mweusi kuliko ule wa kweli. Watu wa blogu huko Marekani ndio waliishtukia, na hawakuhitaji maabara. Waliangalia tu, wakaona kile kidonge cha moshi chenye umbo la mviringo kinapanda juu mara moja, mara mbili, mara tatu, kama mhuri. Hata majengo ya chini yalikuwa yamerudiwa. Reuters waliiondoa picha hiyo, wakaacha kufanya kazi naye, na kisha wakaondoa picha zake zote 920 walizokuwa wanauza. Yeye alisema alikuwa anajaribu kuondoa alama za vumbi, na kwamba mwanga wa mahali alipokuwa anafanyia kazi ulikuwa mbaya.

Mambo ya maadili nitayarudia. Kwa sasa angalia chanzo tu. Moshi una sehemu nyingi laini zisizo na umbo. Chanzo kilichochukuliwa ndicho kilichokuwa na umbo kali kuliko zote, kikawekwa hatua fupi kutoka kilipotoka, tena na tena. Ni kama kuficha ndovu nyuma ya ndovu mwingine.

Sasa turudi kwa ule ushauri wa "chota karibu kabisa." Una sababu yake, siukatai wote. Sehemu ya karibu ina mwanga uleule, rangi ileile, ukali uleule. Lakini ina shida tatu ambazo hakuna mtu anataja. Ya kwanza ni hiyo ya pacha: wakiwa wamekaa bega kwa bega, jicho linawaona kwa mtazamo mmoja. Ya pili ni kwamba kitu unachofuta kinaharibu majirani wake, kinawatupia kivuli, kinawapaka rangi yake. Ya tatu inataka mfano, kwa hivyo acha niwapeleke kwa picha moja niliyofanya juzi.

Mteja wangu anauza nguo za mitumba mtandaoni. Tulipiga picha jioni, uwanja wa nyasi nyuma ya ploti, ukuta wa mabati kwa nyuma. Picha ya simu, upana pikseli 4,000, urefu 3,000. Msichana aliyevaa gauni amesimama karibu na katikati. Jua linatoka kushoto, liko chini, kwa hivyo kila kivuli kinalala kulia. Na upande wa kushoto wa msichana, manze, mtungi wa manjano wa lita 20 ambao hakuna mtu aliuona mpaka tumefika nyumbani. Ulikuwa na upana wa pikseli 350 hivi na urefu wa 450. Chini umekaa kwa nyasi, juu umefunika kipande cha mabati. Kivuli chake kililala kulia kwa pikseli zingine 350, kinaelekea viatu vya msichana.

Kitu cha kwanza nilifanya ni kutogusa kitu. Nilikuza picha nikaitembelea yote nikitafuta alama. Kushoto ya mtungi, karibu kabisa, kulikuwa na jani kavu la hudhurungi. Mbele kidogo kulikuwa na kipara cha udongo. Mwisho wa kulia wa picha nyasi zilikuwa zimelingana, hazina sifa yoyote. Nyasi za kuchosha. Hizo ndizo unataka. Chanzo kizuri ni kile ambacho ukifumba macho huwezi kukumbuka kilikuwa na nini.

Halafu nikapima kila mahali kwa maswali matatu. Nyasi za hapa zina ukubwa sawa na zile ninazotaka kuziba? Mwanga unatoka upande uleule? Ukali wa picha ni uleule? Nyasi za chini ya picha, zilizo karibu na kamera, zilikuwa nene na zimefifia kidogo kwa sababu kamera ilikuwa imelenga msichana. Ukizipandisha juu hadi kwa mtungi, zitaonekana kama nyasi za jitu. Nyasi za juu, karibu na mabati, zilikuwa nyembamba, unaona unyevunyevu tu wa kijani. Kwa hivyo kwa kitu chochote kilicholala chini, iwe ni nyasi, mchanga, murramu ama kabro, chanzo kinapatikana kwa kwenda kushoto au kulia kwa mstari uleule, si juu wala chini. Vitu vilivyo kwa mstari mmoja viko karibu umbali mmoja kutoka kwa kamera, ndio maana ukubwa wao unalingana. Hapo unaweza kwenda mbali na jirani bila kupoteza kile ulichokuwa unamfuatia jirani.

Kulia ya mtungi hapakufaa kwa sababu ya kivuli chake. Zaidi ya hapo ni miguu ya msichana, kisha kivuli cha msichana. Baada ya kivuli chake, kutoka pikseli ya 2,900 hadi mwisho wa picha, kulikuwa wazi. Hiyo ni nafasi ya pikseli 1,100, na mimi nilihitaji 700, yaani mtungi pamoja na kivuli chake. Ndiyo, kivuli pia kinafutwa. Nimeona picha ambazo mtungi umeenda lakini kivuli kimebaki kinalinda boma.

Nikafungua tabaka jipya tupu juu ya picha ili picha yenyewe isiguswe, nikaweka Sample iwe Current & Below. Brashi ya pikseli 150 hivi, Hardness kama 60, Opacity 100. Wengi wanapunguza Opacity wakidhani inafanya kazi iwe laini. Kwa nyasi inafanya kinyume: nyasi za juu na za chini zinachanganyika, unapata ukungu usio na ncha, na hilo doa laini katikati ya nyasi kali linaonekana haraka kuliko hata pacha. Brashi laini kupita kiasi inaleta ukungu huohuo pembeni.

Sasa ile shida ya tatu niliyoahidi. Kuna kisanduku juu kinaitwa Aligned. Kikiwa kimezimwa, kila ukiachilia mausi na kuanza kupaka tena, chanzo kinarudi palepale ulipobonyeza mwanzo. Kwa hivyo ukipaka mara sita fupifupi, umepiga mhuri uleule mara sita. Pacha wanakuwa sita, familia nzima. Kikiwa kimewashwa, chanzo kinatembea sambamba na brashi, umbali kati yao haubadiliki. Afadhali. Lakini fikiria umechota karibu kabisa, tuseme pikseli 60 kushoto ya ukingo wa mtungi, halafu unapaka kuelekea kulia. Ukivuka pikseli 60, chanzo chenyewe kimeshaingia pale mtungi ulipokuwa. Kama hujaachilia mausi, utaona mtungi unarudi kama mzimu. Kama umeachilia na kuanza upya, chanzo sasa kinanakili kiraka chako mwenyewe. Lile jani kavu la hudhurungi litatokea mara ya pili, ya tatu, ya nne, kila baada ya pikseli 60, kama vituo vya matatu. Ule mstari wa alama zilizopangwa kwa nafasi sawa ndio unatambulisha kazi ya kuchota karibu.

Dawa ni hesabu ya mtoto: umbali kati ya chanzo na kiraka uwe mkubwa kuliko upana wa kile unachofuta. Mimi nilikuwa na mtungi na kivuli vya pikseli 700 na chanzo kilichokuwa karibu pikseli 2,000 kulia. Havingeweza kukutana. Na kati yao kuna binadamu mwenye gauni jekundu. Macho ya kila mtu yanaenda kwake kwanza, si rahisi mtu alinganishe nyasi za kushoto kwake na za kulia kwake.

Lakini sikupaka zote kutoka chanzo kimoja. Kipande kikubwa kikinakiliwa kizima kinabaki na umbo lake, hata kama hakina alama moja kali. Kwa hivyo nilitandika kwanza kutoka kulia, kisha nikachagua mahali pengine pawili upande wa kushoto kabisa wa picha, nikarusha vipande vidogo juu ya kile nilichotandika, hapa na pale, bila mpangilio. Kila kipande upana wa brashi moja au mbili, basi. Pembeni, pale kiraka kinapokutana na nyasi za kweli, nilitumia hizo za kushoto kwa sababu mwanga wake ulikuwa unalingana zaidi. Kona za picha za simu huwa zimefifia giza kidogo na ile ya kulia ilikuwa hivyo. Unaona ushauri wa karibu unafaa wapi? Pembeni, kwa vipande vidogo visivyo na alama. Katikati nenda mbali.

Kuna mtu atauliza kuhusu kugeuza chanzo. Photoshop ina dirisha la Clone Source, unaweza kugeuza chanzo kama kioo au kukizungusha, na kweli pacha aliyegeuzwa ni vigumu kumtambua. Lakini jua langu lilikuwa linatoka kushoto. Ukigeuza, nyasi zinang'aa upande wa kulia, na sasa una jua mbili. Mchana wa mawingu, fanya. Jioni kama ile, hapana. Kuzungusha kidogo tu, kama digrii 10, kunapita bila shida kwa nyasi.

Halafu ikaja mabati, na hapa kila kitu nimesema kinabadilika.

Mabati si fujo. Mabati yana mpangilio: mgongo, bonde, mgongo, bonde. Kwenye picha yangu, kutoka mgongo hadi mgongo ilikuwa pikseli 40. Jicho halishangai migongo ikirudia, inatakiwa kurudia. Linashangaa ikikosea hatua. Ukichota kutoka pikseli 100 pembeni, mgongo unaangukia bondeni, na ukuta unaonekana umevunjika. Ukienda pembeni ni lazima uende kwa migongo kamili: 40, 80, 400. Na hiyo inafanya kazi tu ukuta ukiwa umeangalia kamera uso kwa uso kama wangu. Ukiwa umekaa mshazari, migongo inazidi kubanana kadri inavyoenda mbali, na chanzo cha mbali hakitaingia hata ufanye nini.

Kwa hivyo kwa mabati nilienda juu. Migongo inasimama wima, ukipanda juu kwa mgongo uleule unabaki kwa mgongo uleule. Unabonyeza Alt juu ya mgongo, unashuka moja kwa moja chini, unaanza kupaka katikati ya mgongo huohuo. Mistari inajipanga yenyewe. Kile kitu nyasi zilikataza, mabati yanakitaka.

Pacha wa mabati hawako kwa migongo, wako kwa madoa ya kutu na misumari. Misumari haikai ovyo: inafuata mbao zilizo nyuma, kwa hivyo iko kwa safu ya mlalo. Ukishusha msumari bila kujua, una msumari mmoja peke yake mahali ambapo hakuna ubao, na fundi yeyote atacheka. Pia angalia pale bati moja linapolalia lingine. Ile kingo hutokea kila baada ya upana wa bati, ukiinakili katikati ya bati umeunda bati ambalo haliuzwi hadwea yoyote.

Kulikuwa na mtego mmoja zaidi. Chini kabisa, mabati yalikuwa na matope yaliyorushwa na mvua, utepe wa kahawia wa pikseli 50 hivi unaokwenda ukuta mzima. Ukishusha bati safi kutoka juu hadi chini, utakuwa na mahali pamoja pasafi ambapo mvua haikufika. Kwa huo utepe nilirudi pembeni, migongo 10 kamili, pikseli 400 kushoto. Ule mstari ambapo mabati yanakutana na nyasi niliufanya kwanza kabla ya yote, nikilenga chanzo juu ya mstari na kuanza kupaka juu ya mstari. Mstari ukishakaa, hizo sehemu mbili zinajazwa kila moja kwa sheria zake.

Na nyasi zilizokuwa zimezunguka mtungi zilikuwa na unjano kidogo, mwanga wa jua ukigonga plastiki unamwagika chini. Nilipanua kiraka kidogo kupita ukingo wa mtungi ili kufunika hiyo rangi. Hicho ni kitu kidogo, lakini ukikiacha unabaki na duara la nyasi zenye homa ya manjano na hakuna anayejua kwa nini.

Kazi yote dakika 20, na nyingi nilikuwa naangalia tu.

Kuikagua nina njia mbili. Napunguza picha mpaka iwe saizi ya simu, kwa sababu ukiwa umeikuza unaona majani, huoni mpangilio, na pacha ni jambo la mpangilio. Halafu nageuza picha nzima kama kioo, Image, Image Rotation, Flip Canvas Horizontal. Macho yako yameshazoea picha, yanaona kile unachojua kipo. Ukigeuza inakuwa picha ngeni na makosa yanaruka. Kama bado nina shaka, naweka tabaka la Curves juu, naongeza tofauti ya giza na mwanga kupita kiasi, mpaka picha inakuwa mbaya. Hapo madoa laini na alama zinazorudia zinajitokeza zenyewe. Ukimaliza unafuta hilo tabaka.

Na tafadhali usiniambie Healing Brush inamaliza haya. Inachukua umbile kutoka chanzo na kulinganisha rangi na mwanga wa pale unapopaka. Kwa hivyo inaficha tofauti ya rangi, lakini jani kavu bado ni jani kavu. Pacha aliyevaa shati la rangi nyingine bado ni pacha. Zile programu za simu zinazojichagulia chanzo, kama Healing ya Snapseed, nazo mara nyingi zinachota karibu, na huna njia ya kuziambia ziende mbali.

Mipaka ipo. Nimesema tunaficha pacha kutoka kwa macho ya watu. Kompyuta ni mambo mengine. Tangu mwaka 2003 kuna watafiti wamechapisha njia za kukata picha kwa vipande vidogo na kutafuta vinavyofanana. Ikipata vipande vingi ambavyo vyote vimeachana kwa umbali uleule na mwelekeo uleule, imekupata. Vyanzo vingi vidogo vinaipa kazi zaidi, lakini usifikirie umekuwa mzimu.

Na sitaki mtu atumie haya kwa picha ya habari. Hajj alikamatwa kwa sababu kiraka chake kilikuwa kibaya, na kuna watu wanasoma hiyo hadithi kama somo la ufundi: angechagua chanzo kizuri, angepita. Basi wasome na ya Narciso Contreras. Huyu alikuwa kwa kundi la wapiga picha wa AP lililoshinda Pulitzer mwaka 2013 kwa picha za vita vya Syria. Kwa picha moja ya mpiganaji aliyoipiga mwaka huo, alifuta kamera ya video ya mwenzake iliyokuwa kwa kona ya chini, akaziba kwa udongo wa palepale. Ilikuwa kona tu. Kiraka kilikuwa kizuri, na aliyewaambia wahariri ni yeye mwenyewe. Januari 2014 AP wakaachana naye na kuondoa picha zake. Waliangalia picha zake zingine karibu 500 na hawakukuta nyingine iliyoguswa. Kuna watu wanasema alionewa, kamera ndogo ya kona haibadilishi vita. Mimi nasema AP walikuwa sawa. Picha ya habari inasema "hivi ndivyo ilivyokuwa," na kiraka kizuri kwenye picha kama hiyo ni uongo unaodumu zaidi ya kiraka kibaya.

Picha ya gauni haijaahidi chochote kuhusu mtungi. Mtungi hauuzwi. Ndio maana niliufuta bila kukosa usingizi. Lakini mteja alipoona mtungi umepotea akafurahi sana, akaniuliza kama naweza pia kuondoa doa dogo lililokuwa kwa pindo la gauni, karibu na goti. Kitambaa chekundu kisicho na maua, mikunjo michache, mwanga mmoja. Hicho ni chanzo rahisi kuliko nyasi, ni kazi ya dakika mbili na hakuna mtu angeona. Nikamwambia doa linabaki. Gauni ndilo linauzwa, na kuna msee atatuma pesa akiamini hiyo picha. Akanuna kidogo, halafu akaandika chini ya posti kwamba lina doa karibu na goti, akapunguza bei shilingi 100. Liliuzwa jioni hiyohiyo.